Salio la Sare za Fanfare

Camille alikuwa mtu wa kulipa nusu na kushukuriwa kama aliyelipa yote. Alikuwa mwenyekiti wa fanfare yetu ya Kadutu, wanaume ishirini na wanne wa matarumbeta na ngoma, wengi wao waashi, madereva na wapishi wa Wazungu, ambao kila Jumapili baada ya misa walipuliza mpaka watoto wachanga wakalia migongoni mwa mama zao. Yeye mwenyewe hakupiga chombo chochote. Alitembea mbele ya wenzake akiinua na kushusha kijiti cheupe, kazi ambayo mbuzi angeiweza, ila mbuzi asingekubali kuvaa glovu.

Kaka yangu Évariste ndiye aliyewashonea sare. Alikuwa fundi mzuri, sitamnyima hilo, lakini mbele ya mtu mwenye tai alilainika kama muhogo uliochemshwa. Mimi nilikuwa nimerudi kwake baada ya mume wangu kufia mgodini huko Mwenga. Kampuni ilinipa fedha kidogo za rambirambi, nazo nilinunulia mashine ya kushona, ya miguu, nyeusi, yenye droo mbili. Niliiweka kwenye karakana ya Évariste kando ya yake. Nilishona vifungo na mapindo, na kwa kuwa masista walinifundisha kuandika na kuhesabu, nilishika pia ankara na risiti. Kila ankara niliitolea nakala kwa karatasi ya kaboni, jambo ambalo kaka yangu aliliona kama uchoyo wa wajane.

Fanfare ilitaka sare mpya kwa gwaride la tarehe 21 Julai, sikukuu ya Wabelgiji: kaki, mstari mwekundu pembeni mwa suruali, vifungo vya shaba. Faranga mia tatu hamsini kila sare, jumla elfu nane mia nne. Évariste hakuwa na fedha za kitambaa. Alikwenda kukikopa kwa Mgiriki mmoja wa mjini, na Mgiriki hakuwa mjinga wa kukubali ahadi ya mshonaji, akataka rehani. Kaka yangu akaweka mashine. Siyo yake, yangu. Iliendelea kukaa karakanani, nikaendelea kuikanyaga, lakini kwenye karatasi ya Mgiriki iliandikwa kwamba kitambaa kisipolipwa kufikia mwisho wa Agosti, atatuma watu wake kuibeba. Évariste aliniambia habari hiyo baada ya kuweka sahihi, akiwa anakula.

Siku ya kuchukua sare Camille alikuja na bahasha, akahesabu faranga elfu tano polepole, akilamba kidole kila noti. Zilizobaki, alisema, zitakuja mara tu baada ya gwaride. Nikamwandikia risiti: tumepokea kwa mkono wa Camille faranga elfu tano, sehemu ya malipo ya ankara namba 14. Aliikunja bila kuisoma. Kisha akamwuliza kaka yangu kama haingefaa koti lake la mwenyekiti, alilokuwa nalo tangu zamani, liwekewe uzi wa dhahabu mabegani, kidogo tu, kwa heshima ya kikundi. Évariste akamwekea bure. Alifanya kazi hiyo kwa mikono miwili na ulimi nje, na mimi nikatazama nikitamani sindano imchome mahali.

Gwaride likapita. Agosti ikaingia. Kila nilipomtuma mtu kwa Camille, niliambiwa amekwenda Mumosho kwenye matanga. Akirudi anaumwa homa. Akipona, matanga tena. Kwa hesabu ya Camille, Mumosho mwezi ule walikufa watu wengi kuliko waliokuwa wakiishi huko.

Nikamwambia kaka yangu tumwandikie barua. Akaogopa. Camille alikuwa na kadi ile ya serikali iliyosema kwamba mwenye nayo ni mtu mstaarabu, na Évariste aliamini kwamba mstaarabu hadaiwi kwa kalamu ya mwanamke. Kwa hiyo, bila kuniuliza, akaenda kwa binamu yetu Firmin, karani wa ofisi ya teritware, yaani ya wilaya, mtu aliyevaa miwani isiyokuwa na nguvu yoyote ila ya kutazamwa. Firmin akaipiga barua kwa mashine ya ofisi wakati wa chakula cha mchana, kwa Kifaransa, kurasa mbili.

Niliona nakala yake baada ya barua kwenda. Ukurasa wa kwanza wote ulikuwa wa kuomba ruhusa ya kuandika. Wa pili ulimshukuru Bwana Mwenyekiti kwa malipo yake ya ukarimu, ukasifu gwaride, ukamwombea afya, ukamhakikishia heshima ya juu kabisa ya kaka yangu, na karibu na mwisho ukagusia kwamba fundi anabaki na matumaini mema kuhusu mambo mengine madogo. Faranga elfu tano hazikutajwa. Elfu nane mia nne hazikutajwa. Ankara namba 14 haikutajwa. Elfu tatu mia nne, ambazo ndizo zilizofanya tuhangaike na karatasi, ziligeuzwa kuwa matumaini mema. Nilimwuliza Firmin mambo mengine madogo ni yapi. Akanijibu kwamba katika barua za kistaarabu fedha hazitajwi, zinaeleweka. Nikamwuliza kama mshahara wake pia unaeleweka au unatajwa. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

Hata hivyo sikujua ubaya wake wote mpaka alipokuja Philémon. Huyu alikuwa mwashi, mpiga tromboni, mtu mwenye tumbo na roho safi, na suruali yake ilikuwa imeanza kumbana. Alipokuwa akisubiri nimfungulie mishono ya kiuno alitusifu kwa barua nzuri. Nikauliza barua gani. Akasema ile ambayo mwenyekiti aliwasomea Jumapili uani kwa paroko. Aliisoma kwa Kifaransa mwenyewe, akawatafsiria pale alipopenda, kwamba fundi anashukuru kwa malipo, anaheshimu, anaombea afya. Watu walipiga makofi. Baadhi walikuwa wameanza kunong'ona kuhusu fedha, lakini baada ya barua hiyo wakanyamaza kwa aibu.

Nikamwuliza polepole, sindano mkononi, kunong'ona kuhusu fedha zipi.

“Fedha yetu, Maman. Kila mutu alitoa mia tatu na makumi tano, mbele hata kitambaa haiyanunuliwa. Tulimupa président mu mukono.”

Nikahesabu. Wote ishirini na wanne walikuwa wamelipa. Elfu nane mia nne zilikuwa zimefika kwenye mfuko wa Camille, zikatoka elfu tano, na zile nyingine zilikuwa zimegeuka gramafoni ambayo Kadutu nzima iliisikia jioni nyumbani kwake. Na sisi tuliodhulumiwa tulikuwa tumempa karatasi ya kuwafungia watu midomo, yenye sahihi ya kaka yangu chini, nzuri, iliyopinda pinda.

Jioni ile nilimweleza Évariste. Alisema tumwachie Mungu. Nikamwambia Mungu hakuweka mashine yake rehani. Akasema basi labda Firmin aandike tena, barua kali zaidi. Nilijua barua kali ya Firmin itakuwaje: heshima ya juu kabisa ingekuwa heshima ya juu tu. Nikachukua karatasi, nikakaa mwenyewe.

Ya kwanza niliiandika kwa hasira na ilikuwa tamu sana. Nilimwita mwizi, nilimtajia gramafoni yake, niliuliza maiti wa Mumosho wanaendeleaje. Nilipoisomea kaka yangu alishika kichwa. Sikuogopa kichwa chake, lakini niliposoma mara ya pili niliona kosa langu. Mtu kama Camille ukimtukana unamsaidia. Angeinuka mbele ya watu akiwa na machozi, aseme ametukanwa na mjane, na mazungumzo yote yangekuwa juu ya tusi, na elfu tatu mia nne zingesahaulika. Isitoshe, fedha walizompa wanachama sikuziona kwa macho yangu. Sanduku letu nililijua, lao sikulijua. Nikaichana. Iliniuma, kwa sababu neno lile la maiti lilikuwa zuri.

Ya pili ilikuwa na adabu, lakini bado ilianza na salio. Nikaona hapana. Akisoma deni kwanza atapiga kelele kwamba hatutambui alicholipa, na hapo angekuwa na haki, na sikutaka Camille awe na haki hata kidogo. Kwanza utambue kilichoingia, kiasi, siku, na ankara gani. Ndipo useme kilichobaki. Halafu siku ya mwisho. Halafu mlango uliofunguliwa, kwa kuwa mtu anaweza kuwa amelipa na sisi tukakosea.

Nilibadilisha pia mahali pa kuipeleka. Fanfare ilikuwa na desturi yake, ambayo Firmin kwa usomi wake wote hakuijua: barua iliyoandikwa jina la mwenyekiti aliifungua mwenyewe na kufanya nayo alivyotaka, lakini barua iliyoandikwa kwa kamati ilikwenda kwa katibu, na katibu alilazimika kuisoma mbele ya wote, neno kwa neno, kabla ya mazoezi. Tena nikaiandika kwa Kiswahili. Évariste alinisihi niweke Kifaransa angalau mwanzoni, kwa heshima. Nikamwambia wapiga ngoma ndio waliotoa fedha, na wapiga ngoma ndio watakaoheshimiwa.

Ilikuwa hivi:

“Kwa Kamati ya Fanfare. Tunawashukuru kwa faranga elfu tano tulizopokea tarehe 13 Julai 1957 kwa mkono wa mwenyekiti wenu, ambazo ni sehemu ya malipo ya ankara namba 14, ya sare ishirini na nne. Ankara hiyo ni faranga elfu nane mia nne. Salio ni faranga elfu tatu mia nne. Tunaomba tulipwe salio hilo kabla ya tarehe 30 Agosti, hapa karakanani, na tutawapa risiti. Kama mmelipa fedha nyingine ambazo sisi hatukuziona, tafadhali mtuonyeshe risiti yake ili tusahihishe hesabu zetu. Nakala ya ankara imo humu.”

Évariste aliisoma akageuza nyuma kuona kama kuna zaidi. Akasema ni kavu. Nikamwambia aweke sahihi. Aliweka, ndogo, bila mapambo.

Katibu alikuwa Stanislas, dereva wa lori, mtu asiyecheka. Nilimpelekea mwenyewe, nikamwomba aweke sahihi kwenye nakala yangu kwamba ameipokea. Aliisoma pale pale mlangoni kwake, mdomo ukitembea. Alipofika kwenye elfu nane mia nne alirudi juu akaanza upya.

Jumapili nilikwenda na suruali ya Philémon mkononi, kwa kuwa ilikuwa tayari na nilikuwa na haki ya kuipeleka popote mwenyewe alipo. Nilisimama kando ya ukuta wa ua wa paroko. Camille alikuwa amevaa uzi wake wa dhahabu. Aliposikia kuna barua kutoka kwa fundi alitabasamu, akawaashiria watu wakae vizuri, akidhani anakuja kuombewa afya tena.

Stanislas alisoma kwa sauti ya mtu anayesoma uzito wa mzigo. Nilimtazama Camille usoni. Kwenye shukrani alikuwa bado anatabasamu, akaitikia kwa kichwa. Kwenye “sehemu ya malipo” kichwa kilisimama. Katibu alipomaliza hakuna aliyepiga makofi. Upande wa wapishi mtu mmoja alianza kuzidisha mia tatu hamsini kwa vidole, na wenzake wakamsubiri afike.

Camille hakukosa maneno, watu kama yeye hawakosi. Alisema barua ile ni ya wivu wa watu wadogo, kwamba mambo ya hesabu za kikundi kikubwa hayaelezwi kwa Kiswahili cha sokoni, na kwamba fundi mwenyewe alikwisha kuandika kukiri malipo. Akatoa barua ya Firmin mfukoni, ile ile, imeanza kuchakaa kwenye mikunjo kwa kuonyeshwa, akaiinua juu.

Stanislas akanyoosha mkono, akaiomba. Camille akasita, lakini mbele ya watu huwezi kunyima karatasi uliyoiinua mwenyewe. Katibu akaipitia kurasa zote mbili, na Kifaransa chake kilikuwa cha barabarani, lakini namba ni namba.

“Président, mu hii barua chiffre iko wapi? Minatafuta, siioni hata moja.”

Camille akasema fedha zinaeleweka. Alisema kama Firmin, neno kwa neno, nikashangaa jinsi ujinga unavyofundishwa vizuri kuliko masomo. Stanislas akamwomba basi risiti, kwa kuwa barua yetu iliomba kuonyeshwa risiti. Camille akaikumbuka, akaichomoa kwenye pochi kwa ushindi wa mtu ambaye hajawahi kusoma alichobeba. Katibu akaisoma kwa sauti: faranga elfu tano, sehemu ya malipo.

Hawakumpiga wala hawakumtukana. Philémon aliweka tromboni chini kwenye majani, akafuatiwa na wa ngoma kubwa, na wengine, mpaka ua ukajaa vyombo vilivyolala. Stanislas alisema kwa utulivu kwamba Jumapili ijayo mwenyekiti alete risiti inayosema salio limekwisha, ndipo watapiga, la sivyo aache kijiti mezani na mambo yaende kwa baba paroko. Camille aliondoka akitembea mwendo wake wa gwaride, hakuwa na mwingine. Nikampa Philémon suruali yake.

Sikulala vizuri wiki ile, sitadanganya. Nilijua Camille angeweza kukimbilia Mumosho moja kwa moja na kuacha kijiti, na Mgiriki asingepokea kijiti. Nilikaa kwenye mashine yangu nikaipaka mafuta kila mahali, hata pasipohitaji. Évariste aliniambia kwamba barua ya Firmin angalau ilitubakizia urafiki. Nilikuwa nimechoka kumdharau, na kulikuwa na vifungo vya kushona.

Alhamisi asubuhi alikuja mwanamke karakanani, kikapu kichwani, miguu ina vumbi. Alikuwa Godelive, mke wa Camille. Nilimjua kwa kasiksi yake tu, pombe ya ndizi aliyopika na kuuza nyuma ya nyumba yao, ambayo mumewe mstaarabu aliwaambia wageni kuwa ni ya jirani. Alitua kikapu, akatoa kitambaa kilichofungwa mafundo, akafungua moja baada ya jingine kwa meno. Kulikuwa na noti chache na sarafu nyingi, zikinuka ndizi. Alisema ameuza mbuzi wake wawili, na zilizobaki ni za mitungi ya mwaka mzima, alizokuwa akizificha kwa ajili ya mabati. Mumewe ndiye aliyemtuma. Alikuwa nyumbani, homa imemrudia, akingoja risiti ya kuonyesha Jumapili.

“Alisema utie jina yake ku reçu, Maman. Juu ya dimanche.”

Nilihesabu mara mbili, zilikuwa kamili. Nilimtazama yule mama na mikono yake iliyochubuliwa na kukamua ndizi, nikafikiria gramafoni, glovu nyeupe, uzi wa dhahabu ambao kaka yangu aliutoa bure, na dharau niliyokuwa nayo kwa Camille, ambayo nilidhani imefika mwisho, ikapata chumba kingine. Évariste alinong'ona niandike tu jina la mwenyekiti, tumalize. Nikamwambia risiti inaandika fedha imetoka mkono wa nani. Alipoleta Camille niliandika Camille. Leo hakuja.

Nikaandika, nikaweka sahihi, nikampa. Hakuipokea. Alisema hajui kusoma, akaniomba nimwambie inasema nini. Nikamsomea.

“Tumepokea kwa mkono wa Godelive, muuza kasiksi, faranga elfu tatu mia nne, malipo ya mwisho ya ankara namba 14 ya fanfare. Salio: hakuna.”

Alikaa kwenye benchi ya wateja, macho kwenye karatasi. Nilidhani ameogopa, na nikaanza kujilaumu, kwa kuwa ni yeye atakayerudi kwenye nyumba ile, siyo mimi. Nikamwambia kama inamletea shida nitaongeza chini kwamba ni kwa niaba ya mumewe.

“Soma tena,” alisema.

Nikasoma tena, polepole zaidi. Safari hii nilipofika kwenye jina lake midomo yake ilitembea pamoja na yangu. Akaniomba nimwonyeshe mahali lilipo, akaweka kidole hapo, akakiacha. Kisha akaniuliza kama naweza kumpa mumewe karatasi nyingine mbali na hiyo.

“Hapana,” nikamwambia. “Deni iko moja, reçu iko moja.”

Akaikunja mara nne, akaifunga kwenye fundo la kitambaa kilichokuwa na fedha, akakiingiza kifuani ndani ya blauzi, chini kabisa. Aliinua kikapu kikiwa tupu na kukiweka kichwani. Mlangoni aligeuka, na ndipo nilipomwona akicheka, mara ya kwanza tangu nimjue.

“Basi atakuya kuniomba,” alisema.